Mavuno ya kwantamu yakitoka 3.0 badala ya 2.0

Swali: Gesi ya HI imemulikwa kwa mwanga wa nm 254 wenye nguvu ya wati 0.50 kwa dakika 10. Absobansi ni 0.40, na moli 7.67 × 10⁻⁴ za HI zimevunjika. Mimi napata mavuno ya kwantamu 3.0, kitabu kinasema 2.0. Nimekosea wapi? Na yanawezaje kuzidi 1?

Jibu: Kosa liko kwenye absobansi. Jibu lako la 3.0 hupatikana mtu akizidisha nishati yote ya taa kwa 0.40, kana kwamba asilimia 40 ya mwanga ndiyo iliyofyonzwa. Absobansi ni logi, si sehemu. Mwanga unaopenya ni 10⁻ᴬ, kwa hiyo uliofyonzwa ni:

1 − 10⁻⁰·⁴⁰ = 1 − 0.398 = 0.602

Namba 0.40 inatega vibaya, kwa sababu hapa mwanga uliopenya nao unakaribia 0.40, na mtu haoni kwamba amekamata kilichopita badala ya kilichobaki.

Taa ilitoa 0.50 × 600 = J 300. Zilizofyonzwa ni 300 × 0.602 = J 180.6. Sasa tafuta nishati ya moli moja ya fotoni:

E = N_A·h·c/λ = 0.1196 ÷ (254 × 10⁻⁹) = 4.71 × 10⁵ J/mol

Hiyo 0.1196 ni zao la N_A, h na c, katika J·m/mol. Inafaa kuikariri, ila urefu wa wimbi lazima uwe katika mita. Fotoni zilizofyonzwa ni 180.6 ÷ (4.71 × 10⁵) = moli 3.83 × 10⁻⁴. Gawanya moli za HI zilizovunjika kwa moli za fotoni: 7.67 ÷ 3.83 = 2.0.

Kuzidi 1 si ajabu. Fotoni moja huvunja molekuli moja tu ya HI, lakini atomu ya H inayotoka huivamia nyingine:

HI + hν → H + I
H + HI → H₂ + I
I + I → I₂

Fotoni moja, HI mbili. Ukihesabu kwa H₂ iliyoundwa, jibu la jaribio hilohilo ni 1.0, kwa hiyo taja daima unahesabu dutu ipi.

Hesabu hii inachukulia kwamba absobansi haikubadilika. Katika maabara hushuka kadiri HI inavyoisha: ikifika 0.30, kinachofyonzwa ni nusu tu ya mwanga. Tena ayodini ikijikusanya, hunyakua atomu za H (H + I₂ → HI + I) na kurudisha HI. Ukiona mavuno yanapungua kadiri unavyomulika kwa muda mrefu, hata baada ya kurekebisha absobansi, shuku ayodini, kisha tumia vipimo vya dakika za mwanzo, HI ikiwa imevunjika kidogo tu.