Nywele za Pua: Kata, Using'oe

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia kwamba huwa anang'oa nywele za pua kwa kibano, na sasa ana kipele ndani ya tundu la kushoto. Kinauma hata akigusa ncha ya pua.

Ndugu yangu, chanzo chake ni hicho kibano. Unywele ukitoka na mzizi wake huacha kidonda kidogo, na puani mwa watu wengi huishi bakteria aina ya stafilokokasi. Wakipenya hapo, ngozi huvimba na kutunga usaha. Usikitumbue, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na ile iliyo nyuma ya macho. Uvimbe ukisambaa kuelekea shavuni, au ukipata homa, au jicho likianza kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usikate chochote mpaka kipone.

Kikishapona, tumia mashine ndogo ya betri ambayo wembe wake unazunguka ndani ya kifuniko, hivyo haugusi ngozi moja kwa moja. Mkasi mdogo wenye ncha za mviringo nao unafaa, mradi mkono wako hautetemeki. Mkasi wa kushonea, hapana. Dawa ya kunyonyoa nywele nayo isiingie puani kabisa, huunguza.

Penga pua kwanza, simama karibu na dirisha, inua ncha ya pua kwa kidole na uangalie kwenye kioo. Ingiza kichwa cha mashine kama nusu sentimita tu, ukizungushe taratibu bila kukandamiza. Ukihisi unywele unavutwa, acha: betri imechoka au wembe umejaa uchafu. Kata zile zinazochungulia nje, za ndani ziache. Ndizo zinazonasa vumbi, na kwa kiangazi cha Arusha na Moshi, anayezimaliza zote anajikaribishia shida mwenyewe.

Ukikata na nywele za masikioni, zitangulie kabla ya za pua, ili uchafu wa puani usihamie huko. Inamisha kichwa upande wa sikio unalokata, vipande vianguke nje. Pitisha kwenye ukingo na kwenye kile kinundu kilicho mbele ya tundu, basi. Ndani ya tundu usiingize kitu. Vipande vikinasa kwenye nta huwasha, na ngozi ya humo huchubuka upesi.

Ukimaliza, toa vipande kwa brashi, futa kichwa cha mashine kwa pamba yenye spiriti na ukiache kikauke. Usiazimane, hata na kaka yako. Ukinyolewa saluni, nenda na mashine yako.

Pua kila baada ya wiki 2 au 3 inatosha, masikio mara moja kwa mwezi. Kama hakuna unywele unaoonekana nje ukiwa umesimama wima mbele ya kioo, bado hakuna cha kukata.