Maji unachemsha, lakini mashine ya barafu inakunywa maji gani?

"Jamani, nina kibanda cha juisi Jambiani. Maji nachemsha mwenyewe kila asubuhi, na mashine ya barafu nimenunua mtumba. Wiki hii wageni wawili wamerudi kulalamika matumbo. Nakosea wapi?"

Sheikh wangu, hilo lilinikuta kwenye hoteli moja ya Paje nilikokuwa nasimamia baa. Siku mbili nzima nilikuwa nabishana na mpishi kuhusu sufuria ya maji, maji yamechemka au hayakuchemka. Kumbe yalikuwa sawa. Maji yakitokota vizuri kwa dakika moja yanatosha huku kwetu pwani. Tulisahau kwamba hayo yalikuwa yanaishia kwenye jagi. Mashine ilikuwa imeungwa na bomba la tangi la juu, inajivutia maji yake. Na kuganda hakuui vijidudu: vingi vinalala tu ndani ya barafu, ikiyeyuka kwenye glasi ya ukwaju vinaamka.

Tulikuwa na chujio, tena mawili. La kwanza lilikuwa la kukamata mchanga, la pili la mkaa, na hili la pili ndilo lilinichanganya. Mkaa unaondoa harufu na ladha ya klorini, juisi inakuwa nzuri, lakini ikiondoka klorini ndiyo imeondoka dawa. Kuanzia hapo maji yanaingia kwenye mashine bila ulinzi wowote, na chujio lenyewe likikaa miezi bila kubadilishwa linageuka maskani ya vijidudu.

Nilichukua tishu nyeupe, nikafungua mfuniko wa mbele, nikapangusa nyuma ya lile pazia la plastiki ambapo barafu hudondokea. Ilitoka na ute wa rangi ya waridi, unateleza kama bamia. Chini ya hapo palikuwa na ukoko mweupe wa chokaa. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, angalia birika lako la chai utauona. Ukoko huo una vishimo vishimo, na ute unajificha humo, kwa hiyo ukimwaga dawa juu ya ukoko unapoteza dawa.

Ndiyo maana chokaa inaondolewa kwanza. Zima mashine, mwaga barafu yote, usiionee huruma. Tumia dawa ya kuondoa chokaa iliyotajwa kwenye maelekezo ya mashine hiyo. Usitie asidi ya chooni: bamba linalogandisha barafu aghalabu limepakwa nikeli, litabanduka na vipande vitaingia kwenye vinywaji. Suuza mpaka maji yatoke bila harufu. Kisha ndiyo jiki, ile isiyo na manukato. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 5 za maji kinatosha. Pangusa pazia, boya, bamba na sanduku lote la barafu, acha viwe majimaji kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, halafu suuza tena. Asidi na jiki zisikutane hata kidogo, zikichanganyika zinatoa gesi inayokaba kifua. Ukiwasha, barafu ya mizunguko miwili ya mwanzo mwaga.

Sisi tulianza kufanya hivyo kila mwezi, na sanduku tukilipangusa kila wiki.

Baada ya hapo nikadhani nimemaliza. Jioni moja nikamwona kijana wa kaunta anazamisha glasi ndani ya sanduku kwa sababu wateja wamejaa. Koleo lenyewe lilikuwa limezikwa kwenye barafu, mpini na yote. Yaani mkono umetoka kupokea pesa, umeshika mpini, mpini unalala juu ya barafu ya watu. Tulitundika koleo nje, ubavuni mwa mashine, ndani ya kopo lililotobolewa chini ili lisituamishe maji, na likawa linaoshwa kila siku pamoja na kopo lake. Glasi nilipiga marufuku kabisa. Ikivunjika humo huwezi kutofautisha kigae na barafu, inabidi umwage sanduku zima. Vilevile mtu asipoze soda wala samaki kwenye sanduku hilo.

Na usidanganywe na weupe. Barafu yenye ukungu katikati mara nyingi ni hewa iliyonaswa tu, na inayong'aa kama kioo inaweza kuwa ndiyo imetoka kwenye ule ute.

Kwa kibanda chako, hadi mashine isafishwe, gandisha maji yako ya kuchemsha kwenye trei zenye mfuniko. Barafu ya kununua dikoni achana nayo, ile ni ya samaki.

Usiku huu ukifunga biashara, fungua mfuniko wa mbele, pangusa na tishu nyeupe nyuma ya pazia, uje utuambie imetoka rangi gani.