Rifandi ikigoma, uliza kwanza tulikata ngapi

Wadogo zangu mlioingia kwenye timu ya malipo juzijuzi, nawapenda, lakini mnanichosha. Tiketi ya aina moja inazunguka meza hadi meza: "Rifandi imekataliwa na lango la malipo. Nimejaribu tena. Bado." Kisha anakuja mwingine naye anajaribu tena, kana kwamba lango lilikuwa limenuna asubuhi na sasa limetulia. Kaeni niwaambie.

1. Idhini si pesa

Kwenye usaili wote mlilijibu hili vizuri, mkakabidhiwa dashibodi mkalisahau. Tunapoomba idhini ya dola 240, benki ya mteja inazuia hizo 240 kwenye kadi yake. Kwetu haijaingia hata senti. Pesa inakuja siku tunapoikata, na sisi hukata ghala likishafunga mzigo. Kati ya hapo na hapo idhini ina umri wake. Kwa Stripe, idhini ya kadi kwa manunuzi ya mtandaoni kwa kawaida huishi siku 7. PayPal huipa siku 29, ingawa wanazoahidi kuziheshimu ni 3 za mwanzo. Umri ukiisha hamjakata, zuio linaachiwa na pesa inabaki kwa mwenyewe. Ukibonyeza rifandi hapo, unataka kurudisha kitu ambacho hukuwahi kukishika, na lango lina haki ya kukukatalia.

2. Jumla ya oda si kilichokatwa

Chukueni oda ya dola 240: begi la 180 na viatu vya 60. Viatu vimeisha ghalani, kwa hiyo tunakata 180 na zile 60 zinaachiwa. Wiki mbili baadaye mteja anarudisha begi. Mtu wa huduma kwa wateja anafungua oda, anaona "Jumla: 240" kwa maandishi manene, anabonyeza. Imekataliwa. Wakati huohuo ukweli wote uko upande wa lango, kwa senti:

```
"status": "succeeded",
"amount": 24000,
"amount_received": 18000
```

`amount` ni tuliyoiombea idhini, `amount_received` ni tuliyoipata. Na hata hizo 180 si lazima ziwe zote. Kama kuna mtu alishampoza mteja kwa dola 30 kwa sababu mzigo ulichelewa, zimebaki 150. PayPal wanakuandikia waziwazi `REFUND_AMOUNT_EXCEEDED`, lakini nimeona mtu akilisoma hilo akadhani ni kikomo cha siku, akapanga kujaribu kesho.

3. Usimtafutie rifandi iliyogoma njia ya panya

Hapa nitakaa kidogo, maana njia hiyo niliichimba mimi.

Nilikuwa mgeni kama nyinyi, kwenye duka la mtandaoni sehemu nyingine. Malalamiko ya rifandi zilizogoma yalikuwa yanamiminika, na meneja alitaka yaishe. Duka lilikuwa na waleti, salio ambalo mteja analitumia kununulia humohumo dukani. Nikajiona mjanja. Nikaandika hivi:

```
try:
    gateway.refund(order.total)
except RefundError:
    wallet.credit(order.customer_id, order.total)
```

Yaani lango likikataa, mteja awekewe salio, asisubiri. Aliyekagua msimbo wangu alipitisha. Tiketi zikapungua na meneja akanisifu kwenye kikao. Nikatembea kifua mbele.

Nisichokifikiria ni kwa nini lango lilikuwa linakataa. Duka lilipokea oda za vitu vilivyokuwa bado viko njiani kutoka Dubai. Mzigo ukichelewa, idhini inaisha. Mteja anachoka, anaghairi, mtu anabonyeza rifandi, lango linasema hapana, na msimbo wangu kwa ukarimu wa bwana harusi unampa mteja salio kamili la pesa ambayo hatukuwahi kuikata. Oda za mfano wa begi na viatu nazo zilikuwemo: tulikata 180, lango likakataa 240, waleti ikapokea 240. Dola 60 za bure, karibu tena. Shimo la tatu ndilo baya zaidi. Jibu la lango likichelewa, maktaba tuliyoitumia ilirusha `RefundError` ileile. Rifandi ilikuwa imepita, ila hatukulisikia jibu. Mteja alipata mara mbili.

Aliyenikamata ni mhasibu, akifunga hesabu za mwezi. Deni letu kwa wateja kwenye waleti lilikuwa linapanda huku pesa zilizoingia kutoka langoni hazipandi nalo. Akaniita, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Huyu tumemrudishia dola 310. Nionyeshe siku aliyotulipa." Nikafungua dashibodi kwa kujiamini kabisa. `canceled`. `amount_received` sifuri. Nikafungua ya pili, vilevile. Ya tatu sikuifungua, yeye ndiye aliyeifungua.

Salio lililokuwa bado halijatumika tuliliondoa, kwa barua za kuomba radhi nilizoziandika mwenyewe. Lililotumika likaandikwa hasara. Na kilichoniuma hadi leo ni kwamba mteja mmoja mwaminifu alishatuandikia mapema: "Benki ilishaniachia pesa yangu, mbona nanyi mmenipa tena?" Tiketi ilifungwa kwa "Asante kwa kuwasiliana nasi".

4. Kabla ya kubonyeza

Hesabu ni moja: kilichokatwa, toa rifandi zilizopita, toa zinazosubiri. Ifanyeni kwenye mfumo wetu kabla ya kuliita lango, na skrini ya huduma kwa wateja ionyeshe hiyo namba, jumla ya oda ikae pembeni kwa maandishi madogo.

Kama bado hatujakata na idhini ipo hai (`requires_capture` kwa Stripe), kinachotakiwa ni kufuta idhini, wala si rifandi.

Kama idhini imeisha, funga oda na usitume pesa kwa njia yoyote, si waleti, si M-Pesa ya ofisi. Sikilizeni `charge.expired`, taarifa ambayo Stripe hutuma idhini ikiisha, ili oda ibadilike yenyewe, msingoje mtu aikute.

Kama jibu limechelewa, rudia ombi kwa `Idempotency-Key` ileile, alama inayoliambia lango kwamba ombi ni lilelile. Ukitengeneza mpya umeomba rifandi ya pili.

5. Mteja na SMS yake

Atakuja na picha ya ujumbe wa benki: umekatwa dola 240. Msimwite mwongo. Benki nyingi hutuma ujumbe wakati wa zuio, na kwa kadi ya debiti salio analoweza kulitumia linashuka kweli, kwa hiyo machoni pake pesa imeondoka. Mwombeni taarifa ya akaunti inayoonyesha miamala iliyokamilika, kwa sababu SMS haitofautishi. Zuio lililoachiwa halitakuwemo humo.

Mkimjibu, mpeni tarehe tuliyoomba idhini, kiasi, na tarehe tuliyoiachia, ili apeleke benki yake. Benki nyingine huchelewa kulifungua zuio hata baada ya sisi kuliachia, na hapo hatuna kitufe cha kubonyeza. Anayeweza kulifungua ni benki iliyotoa kadi. Mwambieni hivyohivyo, kwa jina lake na kwa heshima, na msiandike "rifandi yako inashughulikiwa", kwa sababu atakaa anaisubiri.