Hadithi ya kulala kutoka kwa mchoro uliotumwa kwa simu

Mpwa wangu wa miaka sita anakaa Kisumu na mamake, mimi niko Nakuru, na jioni nyingi natumiwa picha ya kitu amechora ndio nimsomee hadithi yake kabla alale. Sasa wacha niwaambie penye mambo huharibikia, ni kwa picha yenyewe. Penseli ya mtoto ni hafifu, ukipiga na flashi mistari inapotea, halafu WatsApu inabana picha mpaka maandishi yanakuwa ukungu. Pigeni mchana karibu na dirisha, simu iwe juu ya karatasi sawasawa, kona zote nne zionekane, na mtume kama dokumenti.

Ya juzi ilikuwa kiboko mkubwa kushinda nyumba, maji, na vidoti vya njano huku juu kwa kona. Chini ameandika KIBOKO ANAOGPA. Ukisoma haraka unasema anaoga, si yuko kwa maji? Lakini watoto wa umri huo huandika vile wanasikia na herufi zinarukwa, kwa hivyo mimi huandika maneno yake vile yalivyo, herufi kwa herufi, nasoma kwa sauti, halafu nampigia. Simuulizi "hii ni nini", namwambia "hebu niambie hapa kunaendelea nini." Akasema, "Anti, anaogopa taa za watu wa omena." Kumbe vile vidoti ni taa za wavuvi usiku, zile anaonaga wakienda ufuoni Dunga! Hapo hadithi imejileta yenyewe, ningeshika kuoga ningeandika kitu hakijui.

Ile sentensi yake ndio huwa naifanya kiitikio, na sirekebishi maana yake. Nikaanza hivi: "Usiku kiboko alitoka kwa maji akale nyasi, akaona taa moja. Kiboko anaogopa. Akaona ya pili. Kiboko anaogopa." Mtoto anaitikia na mimi, na kila mara nasema polepole na chini zaidi. Taa ya mwisho inamwonyesha tu njia ya kurudi, kukipambazuka anaingia majini analala, kwa sababu kiboko kweli hula usiku na mchana anapumzika kwa maji. Sikuongeza simba wala mtu mbaya, vitu vyote vilitoka kwa karatasi, ukiongeza mhusika wako mtoto atakukatiza akuulize huyo ametoka wapi na usingizi umeenda.

Voisinoti ya dakika tatu inatosha. Ikizidi hapo anaamka kabisa.

Na kama amechora kitu kimemuumiza kweli, kama mtu amelazwa ama nyumba imeingiwa na maji, hiyo usiifanye hadithi usiku huo. Mpigie muongee kwanza, umwachie mamake amlaze, ya mchoro mtaona kesho mchana kama bado anaitaka.