Utajuaje mafuta ya maandazi yamepata moto

Siku moja nilichoma maandazi ya kilo mbili za unga, tulikuwa na wageni wengi nyumbani. Karai la kwanza likatoka zuri kabisa, yamevimba, ndani makavu. La pili na la tatu sasa, ukishika andazi vidole vinang'aa mafuta, ukilikamua kidogo yanachuruzika. Nikajua nimekosea unga. Shangazi yangu akachukua moja akalipasua katikati, akaniambia donge lako halina shida mwanangu, mafuta yalikuwa yamepoa.

Mimi nilikuwa najua mafuta yakishapata moto basi, kazi imeisha, unatumbukiza tu mpaka donge liishe. Kumbe ndo kosa lenyewe.

Iko hivi. Maandazi yanataka mafuta ya kama nyuzi 170 mpaka 180, na maji yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo donge likiingia kwenye mafuta yenye moto wa kutosha, maji yaliyomo yanageuka mvuke hapo hapo na kutoka kwa nguvu, yale mapovu unayoyaona pembeni ya andazi ndo huo mvuke, na wakati unatoka unayasukuma mafuta yasiingie ndani. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu mvuke unatoka kinyonge, ganda linachelewa kukaza, andazi linakaa humo muda mrefu na linanyonya. Ndo maana usisubiri mafuta "yachemke" kama maji, mafuta masafi hayatoi mapovu yenyewe, yanatulia tu huku yanazidi kuwa moto, mpaka uje ushtuke yanafuka moshi.

Kipimo changu ni kipande cha donge lile lile, kidogo kama punje ya haragwe. Nakidondosha taratibu pembeni ya karai halafu naangalia. Kikizama kikakaa chini kimetulia, au vipovu vinatoka kimoja kimoja, bado. Kikizama kisha kikapanda juu ndani ya sekunde tatu nne hivi, kimezungukwa na mapovu madogo madogo yanayocheza, na kikachukua kama dakika moja kuanza kuwa rangi ya dhahabu, hapo tumbukiza. Lakini kikiibuka papo hapo na kikawa kahawia kabla hujahesabu hata kumi na tano, moto umezidi, ukiweka maandazi yataiva nje na ndani yatabaki unga mbichi, na hilo ni baya kuliko kunyonya mafuta maana huwezi kujua mpaka mtu alipasue mezani.

Wengine wanatumia mwiko wa mbao, unagusisha ncha kwenye mafuta, ukiona vipovu vinazunguka mbao basi tayari. Ni kweli inafanya kazi, ni unyevu ulioko ndani ya mbao unaotoka. Ila mwiko uliotoka kuoshwa utakudanganya, utatoa mapovu mengi hata kama mafuta hayajafika, na yanaweza kukurukia. Uwe mkavu kabisa. Kunyunyizia matone ya maji ndo usijaribu kabisa, nimeona mtu ameungua mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa turudi kwenye karai la pili. Donge ni la baridi, ukiweka maandazi nane kwa pamoja kwenye lita moja ya mafuta joto linashuka sana, na ukiopoa tu ukatumbukiza mengine nane mafuta hayajapata nafasi ya kurudi. Siku hizi naweka matano, yawe na nafasi ya kugeuka, nikiopoa nasubiri kama dakika moja halafu naangusha kipande kingine cha donge. Kila karai napima, sio la kwanza tu. Kwa mkaa inabadilika zaidi, mwanzoni makaa ni makali, ukifika katikati yameshakuwa majivu, kwa hiyo naweka makaa mengine pembeni yashike mapema. Kwenye gesi mimi naacha moto wa kati na kuongeza kidogo tu nikishatumbukiza.

Mafuta yakianza kufuka moshi usitumbukize kitu, na usibebe karai la moto kulipeleka popote. Zima gesi, au kama ni mkaa toa makaa kwa koleo, yaache yatulie, unaweza kuongeza mafuta ya baridi kidogo kwa kuyamimina taratibu pembeni. Kisha pima upya na kipande cha donge.

Kitu kingine nimekizoea, masikio. Andazi likiingia linatoa sauti ya kuchacharika, linavyoiva sauti inapungua kwa sababu maji yanakwisha. Ukitumbukiza ukasikia kimya, opoa haraka ongeza moto, hapo bado hayajanyonya sana.