Usiku wa 17 Huanza Siku ya 16: Ushauri kwa Anayeandaa Tafakuri za Jioni za Ramadhani

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: "Dada, nataka mwezi mtukufu ujao niwaandalie watu wangu shairi, tafakuri na kaswida kila jioni kama unavyofanya. Nianzie wapi?" Nikafurahi, sifichi. Mfululizo wangu sasa unasomwa na watu nisiowajua, na wapo wanaoniuliza tangu mwezi wa Rajabu kama nimeshaanza kuandika.

Basi dada yangu, anza na hesabu. Mashairi yatakuja, kaswida zipo tele, lakini hesabu ikikosewa kila kitu kitakaa mahali pasipo pake. Katika kalenda yetu usiku hutangulia mchana. Jua likizama, siku mpya imeingia. Kwa hiyo jioni mnapofungua funga ya 16, mko tayari katika usiku wa 17. Na jioni ya kwanza kabisa ya mfululizo wako haina futari, kwa sababu ni ile ya mwezi kuandama, kabla hata hujanuia funga ya kwanza. Jioni hiyo iandikie kitu kifupi mno, ubeti mmoja unatosha. Watu wanasubiri tangazo la mwezi, likitoka wanakimbilia tarawehe, na hakuna wa kukusikiliza.

Mimi kila kipande nakiandika juu namba mbili: "Usiku wa 17, baada ya funga ya 16." Tarehe ya kalenda ya kawaida siiweki kamwe, maana mwandamo unaweza kupishana kwa siku moja baina ya watu na watu, na kila mmoja anahesabu kwa mwezi alioufuata.

Hapa nina dukuduku langu, mnivumilie. Kuna kundi moja, silitaji, lilichukua mfululizo wangu mzima, likafuta jina langu na ile mistari ya juu, likaupanga upya kwa siku za funga. Kipande cha Badri kikasomwa jioni ya funga ya 17, yaani usiku wa 18. Kisha wasomaji wao wakaniletea mimi lawama kwamba nimechelewesha! Jina nimesamehe. Hesabu bado inaniuma.

Tuendelee na hiyo hiyo Badri, kwa sababu ndiyo jioni inayowashinda wengi. Vita vya Badri vilikuwa tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra. Mwandishi mgeni huamka na panga, farasi na vumbi, akamwaga kisa chote: Waislamu 313 hivi, Makureshi kama 1,000, malaika, mateka, ngawira. Msikilizaji ana tonge mkononi na adhana ya Isha iko njiani. Hawezi kubeba yote hayo. Chagua jambo moja dogo ndani ya kisa, uliache lililobaki kwa wahadhiri.

Mimi nilichagua ngamia. Jeshi lile lilikuwa na ngamia 70 hivi, kwa hiyo watu walipanda kwa zamu, watatu kwa mnyama mmoja. Katika Musnad ya Imamu Ahmad, Ibn Masud anasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa zamu moja na Ali na Abu Lubaba. Zamu yake ya kutembea ilipofika wenzake wakamwambia wao watatembea badala yake. Akawajibu kwamba wao hawamzidi nguvu, wala yeye si mtu asiyehitaji thawabu kuliko wao. Nikaandika hivi:

*Ngamia ni wa watatu,*
*kwa zamu hupanda watu,*
*yumo na Mtume wetu,*
*zamuye kisubiria.*

*Wakanena: Kaa juu,*
*sisi twende kwa miguu.*
*Kajibu: Ujira huu*
*nami nauhitajia.*

Beti mbili za utenzi, mizani nane kila kipande, basi. Shairi la mizani kumi na sita kwa mstari ni tamu kwenye karatasi, lakini kwa sauti, mbele ya watu waliofunga kutwa, ukifika kituo wameshasahau ulivyoanza. Utenzi unamezeka. Na ukiutaka uimbwe, unakaa kwenye mahadhi yoyote ya utenzi bila kukatwa.

Tafakuri ikaja baada yake, sentensi sita tu, na ndani yake kuna swali moja: leo katika nyumba hii, zamu ya nani imebebwa na mtu mwingine? Nani ameinuka kabla ya wote kuandaa daku, akalala baada ya wote? Sikuhubiri zaidi ya hapo. Shairi likishasimulia kisa, tafakuri isikirudie. Ukiona aya yako ya kwanza inaeleza upya kilichomo kwenye beti, ifute. Tafakuri ndefu utaijua tu: watu wanaanza kukusanya vyombo.

Wimbo uwe wa mwisho daima, kwa sababu ndio unaowainua watu kwenda kutia udhu. Chagua kaswida yenye kiitikio kifupi ambacho mtoto atakishika mara ya pili, na uianze kwa sauti ya chini. Koo la aliyefunga ni kavu hata baada ya maji, na anayeongoza akianzia juu ubeti wa tatu utamkwama. Wala usihangaike kutafuta kaswida tofauti kwa kila jioni. Mahadhi matano au sita yanayozunguka yanatosha mwezi mzima, na watu wataitikia vizuri zaidi wakiyazoea. Dufu? Wengine wanalipenda, wengine hawalitaki karibu. Chagua kaswida zinazosimama kwa sauti tupu, mjadala huo haukuhusu.

Kuhusu mgawanyo wa mwezi: wengi wanapanga kwa makumi matatu, rehema, maghfira na kuachwa huru na moto. Ni mpangilio mzuri wa kazi na mimi nautumia. Ila hadithi yenyewe wanazuoni wengi wameihesabu kuwa dhaifu, kwa hiyo usiinukuu kama neno lililothibiti. Mcheni Mungu jamani, uzuri wa maneno haugeuzi dhaifu kuwa sahihi, na anayekusikiliza atakwenda kumsimulia mwenzake kwa jina la Mtume.

Kumi la mwisho linaanza jioni ya kufungua funga ya 20. Hapo ndipo kuna jambo ninalojivunia kuliko yote. Laylatul Qadri hutafutwa katika mikesha ya witiri: 21, 23, 25, 27 na 29. Sura ya Al-Qadr ina aya tano. Nikaweka aya moja kwa kila usiku wa witiri, pamoja na ubeti wake. "Bora kuliko miezi 1,000" inaangukia usiku wa 25, na ile ya amani mpaka mapambazuko ya alfajiri inaangukia wa 29. Kwa mpango huu hakuna anayelala mikesha minne akitegemea wa 27 peke yake. Mikesha ya shufwa iliyo katikati niliiachia dua fupi na kaswida, bila tafakuri.

Mwisho, ule wa 30. Uandike, lakini usiweke ndani yake chochote ambacho mfululizo unakitegemea, kwa maana mwezi ukiandama baada ya funga ya 29 jioni hiyo ni usiku wa Idi na kinachosomwa ni takbira. Mimi huandaa vyote viwili, nakaa na simu mkononi mpaka tangazo litoke, halafu natuma kimoja.