Krashi Yangu Ilivyommeza Mwimbaji

Kwa karibu mwaka mzima bendi yetu ya roki ya watu wanne, hapa Nairobi, ilikuwa na ugonjwa mmoja: beti zilisikika vizuri, lakini kiitikio kikifika mwimbaji alipotea. Tulipandisha sauti ya maikrofoni mpaka spika zikaanza kupiga mbinja, kisha lawama zikamwangukia mpiga gitaa. Siku moja tuliweka simu mwisho wa chumba cha mazoezi ikarekodi, na niliposikiliza nikamtambua mkosaji. Alikuwa mimi, mpiga ngoma: katika kila kiitikio nilikuwa nikiipiga krashi, toazi la kishindo, ya inchi 18 bila kuiachia, mara nane kwa kila baa, yaani kila hesabu ya moja hadi nne, na mvumo wa pigo moja haukufa kabla ya mwingine kuzaliwa.

Kupiga krashi mfululizo si kosa katika roki. Wapo wapigaji wengi wanaoishi kwa mtindo huo. Kosa langu lilikuwa kufanya hivyo kwa toazi nene, nililolinunua nikiamini kwamba uzito ni uimara. Toazi nene hudai nguvu ili lifunguke, na likishafunguka huvuma kwa sauti ya juu na kwa muda mrefu, ilhali jembamba hufunguka kwa pigo jepesi na kunyamaza mapema. Mvumo huo hukaa palepale penye sauti za juu ambapo sikio hutafuta “s”, “t” na “k” za mwimbaji, na ambapo gitaa lililokwaruzwa na distosheni nalo limeshajaa. Ndiyo maana watu walisikia wimbo lakini hawakusikia maneno.

Kabla ya kutumia hata shilingi, nilirudi kwenye haihati, jozi ya matoazi yanayofungwa na kufunguliwa kwa kanyagio. Katika ubeti niliifunga kabisa kwa mguu, na katika kiitikio nikaulegeza kidogo tu, kiasi cha matoazi mawili kuendelea kugusana na kutoa sauti ya kitu kinachokaangwa. Ringo Starr alizijaza nyimbo za mwanzo za Beatles kwa sauti hiyo, na mwimbaji hakufunikwa, kwa sababu mguu ukishuka mvumo hukatika papo hapo. Vilevile nilipunguza mapigo kutoka nane hadi manne kwa baa. Kasi haikubadilika, lakini wenzangu wote walihisi kwamba kiitikio kimepanuka. Charlie Watts wa Rolling Stones alikwenda mbali zaidi: mkono wake uliiacha haihati kila ilipopigwa snea, ngoma kali yenye nyuzi chini yake, hivyo pigo la pili na la nne likabaki peke yake.

Raidi, toazi kubwa la kushika mwendo, niliitunzia solo ya gitaa. Toazi hilo, ambalo kwa kawaida huwa la inchi 20 hadi 22, likipigwa kwa ncha ya kijiti hutoa “ting” inayosikika juu ya mvumo wake lenyewe, na kikombe chake cha katikati hulia kama kengele pale gitaa linapozidi kelele. Likipigwa ukingoni kwa bega la kijiti, hugeuka krashi kubwa, na tatizo lile lile hurudi.

Matoazi yalipotulia, aibu nyingine ikajitokeza: tomu zangu, zile ngoma zisizo na nyuzi, zililia kama katoni. Nilikuwa nimezilegeza nikitafuta uzito, kama wanavyofanya wengi wanaomhusudu John Bonham wa Led Zeppelin, bila kujua kwamba uzito wake ulitoka kwenye ngoma kubwa, ile ya mguu ikiwa ya inchi 26, na kwamba ngozi zake zilikazwa vya kutosha kulia.

Nilianza upya na tomu ya sakafuni. Nilivua ngozi, nikafuta ukingo wa mbao, nikakaza skrubu zote kwa vidole, kisha nikatumia ufunguo nusu mzunguko kwa kila skrubu, nikivuka upande wa pili kila mara, mpaka mikunjo ikaisha. Baada ya hapo niligonga karibu na kila skrubu, kama sentimita tatu kutoka kwenye pete, na kusawazisha ile iliyolia chini au juu kuliko wenzake. Ngozi ya chini niliikaza kidogo zaidi ya ile ya juu, na sauti ikawa na mteremko mfupi mwishoni badala ya kufa. Tomu ndogo ilipofikia mahali ambapo nyuzi za snea zilitetemeka kila nilipoigonga, niliipandisha robo mzunguko tu, na tetemeko likapungua sana. Kuzibana zaidi nyuzi za snea kungeninyima snea yenyewe.

Tulirekodi tena, simu ikiwa palepale. Sasa mpiga gitaa analalamika kwamba mwimbaji hubadilisha maneno ya kiitikio kila wiki, jambo ambalo awali hakuna aliyeweza kulijua.